Mchepuko na Mama Mkwe

Mwaka 2016, kabla lami ya Dodoma kwenda Babati haijakamilika, nilimpeleka mama mkwe harusini Babati. Tulipopita Kondoa, halafu Kolo, tukakuta kibao cha njano, maandishi meusi, mshale wa kushoto: MCHEPUKO. Mama mkwe akakisoma kwa sauti, silabi moja moja, kisha akanitazama kwenye kioo. Mke wangu akaangalia dirishani, mabega yakimtetemeka.

"Baki njia kuu, baba," akasema mama mkwe.

Nikaingia mchepuko huku najieleza kama mtuhumiwa. Mshika bendera akanyanyua ya kijani, tukashuka kushoto, tukawa tunakwenda sambamba na tuta la barabara mpya. Mbele yangu tipa lilitimua vumbi kama unga wa mashine. Nikaamua kuzifuata taa zake. Dereva wa tipa si ndiye mwenyeji?

Baada ya kilomita kama nne nikagundua hatujapishana na basi hata moja. Ni matipa tu, na njia imepanuka utadhani uwanja wa ndege. Ikaishia kwenye shimo kubwa jekundu, kijiko kinapakia kifusi. Kijana mwenye daftari akaja mbio.

"Tripu ya ngapi hii?"

"Tunakwenda harusini," nikasema.

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanieleza: mchepuko hauiachi barabara, unaisindikiza. Lazima ulione tuta ubavuni. Likipotea, ujue umeingia njia ya machimbo. "Na tipa usilifuate, mzee. Lenyewe linakuja kazini."

Tukarudi hadi njia panda. Kibao kilikuwepo, kimejaa vumbi, nami nilikuwa nimekipita nikihangaika na taa za tipa. Nikashuka, nikakizunguka kwa mbele, nikakifuta kwa shati. Mshale: kulia. Nikapanda garini kifua mbele, nikakata kulia.

Sasa tuta nililiona vizuri kabisa. Nikawaonyesha, "Hilo hapo, kama alivyosema kijana." Mke wangu akauliza mbona liko kushoto wakati mwanzo lilikuwa kulia. Nikamwambia mafundi wanahamishahamisha mambo. Yaani nilimjibu hivyo, na mama yake anasikia.

Mbele akatokea mshika bendera. Yule yule.

"Shikamoo mzee. Safari imeshakwisha?"

Ndipo akili ikanirudia. Kibao kile kinamwelekeza anayetoka Kondoa. Kulia kwake ndiko kwenye barabara. Mimi nilikuwa natoka machimboni, gari limetazama upande mwingine, kwa hiyo kulia kwangu kulikuwa ni kurudi nilikotoka.

Nikageuza. Safari hii mke wangu alisoma mishale, mimi nikashika usukani tu. Kwenye njia panda tukakata kulia, tukapanda tuta, tairi zikaacha kunguruma.

Mama mkwe akafunga dirisha, akakung'uta kitenge.

"Mwanangu," akamwambia binti yake, "huyu hata akitaka kuchepuka hawezi. Atapotea akafike kwako."