Koni juu ya nusutufe: kukariri au kuintegreti?

"Mwalimu, kama nimeshakariri kwamba kitovu cha uzito cha koni kiko h/4 na cha nusutufe 3r/8, kuintegreti kwa nini tena?"

Fundi mmoja wa kukereza hapa Tabora alinichongea umbo hilo kwa kipande kimoja cha mninga: nusutufe chini, koni juu, r = sm 4, h = sm 6. Ukiliinamisha kidogo mezani na kuliachia, linarudi wima.

Aliyekariri ana haki yake. Kwa vipimo hivi h/4 ni sm 1.5, na 3r/8 nayo ni sm 1.5, zote kutoka kwenye uso yanapoungana. Ujazo wa koni kwa nusutufe ni 3 kwa 4. Hivyo kitovu kiko (3×1.5 − 4×1.5)/7, yaani kama sm 0.21 chini ya uso huo. Mstari mmoja, kazi imekwisha.

Lakini ile alama ya kutoa ndiyo inayowaangusha wengi. Ukijumlisha badala ya kutoa unapata sm 1.5 juu ya uso, na umbo la namna hiyo lingeanguka. Kosa la pili lina ujanja zaidi: kuona 1.5 mbili na kusema kitovu kiko palepale kwenye muungano, ukisahau kwamba nusutufe ni nzito zaidi.

Ukiintegreti, alama inakuja yenyewe. Weka x = 0 kwenye muungano, juu iwe chanya, kisha kata umbo visahani vyembamba:

∫ π(r² − x²)x dx, kutoka −r hadi 0 = −πr⁴/4

∫ πr²(1 − x/h)²x dx, kutoka 0 hadi h = πr²h²/12

Jumlisha, gawa kwa ujazo wote πr²(h + 2r)/3:

x̄ = (h² − 3r²) / [4(h + 2r)]

Hapa kukariri kunaachwa nyuma. Nguvu ya meza kwenye nusutufe hupita daima katikati ya tufe, kwa hiyo umbo hurudi wima pale tu x̄ ikiwa hasi, yaani h isifike r√3. Kwa r = sm 4 mpaka ni kama sm 6.9. Fundi angechonga koni ya sm 8, kitovu kingepanda sm 0.25 juu ya muungano na umbo lisingesimama.

Hata hivyo, kanuni hiyo nzuri inadai mbao moja. Nusutufe ikiwa ya mti wenye densiti mara mbili ya koni, uwiano wa uzito unakuwa 3 kwa 8, kitovu kinashuka hadi kama sm 0.68 chini, na r√3 haina kazi tena. Hapo mkariri anabadilisha namba moja tu, wakati mwenzake anarudi kutia densiti kwenye kila intego. Mimi swali likisema "onesha" naintegreti. Likitoa mbao mbili, natumia h/4 na 3r/8 bila aibu.