Tiketi ikinenepa, acha pointi zake zilivyo

Kwenye timu nyingi za programu mjadala wa kukadiria kazi kwa pointi au kwa saa huendeshwa kama wa Simba na Yanga: lazima uwe upande mmoja. Mimi natumia vyote viwili kila siku na sioni ugomvi uko wapi. Ugomvi wa kweli huanza pale kazi iliyokadiriwa Jumatatu inapokuwa kubwa zaidi kufikia Jumatano, na kila mtu anaanza kugusa namba za kazi hiyo, yaani tiketi, kwenye programu ya kufuatilia kazi ya Jira kwa namna yake. Mmoja anapandisha pointi, mwingine anabadilisha makadirio ya mwanzo ili yafanane na hali halisi, na wa tatu hagusi chochote, anasema tu stendapu hadi stendapu kwamba “imebaki kidogo.”

Nitangulie na historia kidogo, maana inasaidia. Pointi zilitoka kwa watu wa Extreme Programming, mbinu ya kuandika programu, mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwanzoni walikadiria kwa “siku kamili”, yaani siku ambayo developa hasumbuliwi na mtu. Kwa kuwa siku hizo hazipo, kazi ya siku moja kamili ilichukua kama siku tatu za kalenda, na mabosi wakawa wanauliza kwa nini siku moja inakula siku tatu. Wakaondoa neno siku, wakabaki na pointi. Ron Jeffries, mmoja wa waliokuwepo, aliandika 2019 kwamba huenda yeye ndiye aliyezibuni, na kama ni hivyo anajuta. Hata Scrum, utaratibu wa kazi unaofuatwa na timu nyingi, mwongozo wake rasmi wa 2020 hauzitaji kabisa. Kwa hiyo anayekuambia pointi ni sharti la Scrum, mwombe akuonyeshe ukurasa.

Ninavyozitumia, pointi hujibu swali moja: kazi hii ni kubwa kiasi gani ukiilinganisha na zile tulizokwisha kuzifanya? Saa hujibu swali jingine: kuanzia sasa hivi, kimebaki kiasi gani? La kwanza huulizwa kabla ya kazi kuanza, na timu nzima ndiyo inayolijibu. La pili huulizwa kazi ikiwa mkononi, na anayelijibu ni yule aliyeishika. Ukiyatenganisha hayo mawili, suala la tiketi inayokua linapungua makali.

Tuchukue tiketi inayofahamika kwa yeyote aliyejenga duka la mtandaoni huku kwetu: kuunganisha malipo ya simu kwenye ukurasa wa oda. Mteja anabonyeza kulipa, simu inamletea ombi la namba ya siri, anathibitisha, kisha mfumo wa malipo unapiga anwani ya seva yetu kusema pesa imeingia. Timu imeipa pointi 5 kwa sababu inaonekana kulingana na ile ya kutuma risiti kwa SMS. Dada aliyeichukua amejaza saa 16 kwenye `Original estimate`. Sprinti nzima, yaani kipindi cha kazi tulichokipanga, ina pointi 22.

Siku ya pili jioni ameshaandikisha saa 14. Njia iliyonyooka inafanya kazi: ukilipa, oda inakuwa imelipwa. Lakini katika kujaribu amegundua mambo mawili. Jibu la mfumo wa malipo wakati mwingine huja mara mbili kwa muamala uleule, na programu yake inaandika malipo mawili. Wakati mwingine jibu haliji kabisa, na oda inabaki “inasubiri” wakati mteja tayari amekatwa pesa. Kwa hiyo anahitaji kuhifadhi namba ya muamala kwenye safu isiyokubali kujirudia, na pia kazi ya pembeni itakayouliza hali ya muamala kama dakika moja imepita bila jibu. Anaona kila moja itamchukua kama saa 6 pamoja na majaribio.

Sasa tazama Jira inafanya nini. Ukiandikisha muda uliotumia bila kugusa kitu kingine, inapunguza yenyewe: 16 toa 14, zimebaki 2. Msimamizi akifungua ubao asubuhi anaona tiketi iliyobakiza saa mbili, anamwahidi mteja kwamba kesho wanaonyeshwa, na hakuna aliyesema uongo. Programu imefanya hesabu ya kutoa, basi. Hapa ndipo makadirio ya saa yanapoharibikia. Unapoandikisha muda, kisanduku cha `Time remaining` kipo kwenye dirisha hilohilo, na kinakubali uandike unachokiamini. Aandike 12h.

`Original estimate` aiache 16. Ile ni kumbukumbu ya tulichodhani kabla ya kujua. Ukiipandisha hadi 26 ili ubao upendeze, umefuta ushahidi pekee kwamba kazi za malipo huwa tunazipunja, na robo ijayo mtazipunja tena. Sasa tiketi inasema ukweli wote kwa mkupuo: tulidhani 16, zimetumika 14, zimebaki 12. Kisha iwekwe maoni mafupi, yanayosomeka hata na asiyejua kuandika programu:

> Zimebaki saa 12 badala ya 2. Majibu ya malipo yanaweza kuja mara mbili au yasije kabisa. Saa 6 kuzuia malipo kurudiwa, saa 6 kuuliza hali ya muamala. Bila haya mteja anaweza kukatwa pesa na oda isionekane.

Na pointi? Zibaki 5. Hapa ndipo wengi hunipinga, na hoja yao inaeleweka: kazi imekuwa ngumu, mbona mtu asipewe haki yake? Lakini pointi si mshahara. Chukulia timu imepandisha hiyo 5 kuwa 8 katikati ya sprinti na ikamaliza kila kitu. Chati ya kasi ya Jira, inayoonyesha pointi zilizoahidiwa na zilizokamilika kila sprinti, hushika ahadi ya siku sprinti ilipoanza, yaani 22, na haiibadilishi tena. Ila upande wa zilizokamilika hutumia namba za mwisho, kwa hiyo inasoma 25. Timu inaonekana imevuka lengo katika wiki ambazo kwa kweli ilikuwa inahema. Mpango unaofuata, mtu anasema “tuliweza 25,” mnajaza 25.

Tatizo ni kwamba hizo 25 mpya zimekadiriwa kwa macho yaleyale ya kabla ya kazi, yenye matumaini yaleyale. Na ndani yake kuna tiketi moja au mbili zitakazonenepa, kama kawaida. Ile 22 ilikuwa tayari imebeba unene huo: ilimaanisha kwamba tukianza na makadirio yetu ya kawaida, pamoja na mambo tusiyoyaona, tunamaliza 22. Kasi ya timu ina thamani kwa sababu inapima makosa yetu pamoja na kazi yetu. Ukisahihisha pointi kila zinapokosewa, unaondoa makosa kwenye kipimo lakini hayaondoki kwenye kazi.

Mambo hubadilika pale kazi inapokua kwa sababu kuna kitu kimeongezwa. Siku ya nne msimamizi wa bidhaa anapita: “Kaka, kwa kuwa mko humohumo, wekeni na kurudisha pesa oda ikifutwa.” Kuzuia malipo kurudiwa kulikuwa ndani ya kazi tangu mwanzo, tulikuwa tu hatujakuona. Kurudisha pesa hakukuwemo. Kipimo changu ni kuuliza: bila kitu hiki, tiketi inatimiza kile ilichoahidi? Kama inatimiza, hicho ni tiketi mpya, na ipewe kiungo na ile ya kwanza. Timu inaikadiria, tuseme 8, inakwenda kwenye beklogi, orodha ya kazi zinazosubiri. Msimamizi akisisitiza iingie sprinti hii, sawa, ila yeye ndiye achague zipi zenye ukubwa unaokaribia 8 zitoke. Maneno “mko humohumo” huwa hayana gharama mpaka yaandikwe kama tiketi.

Kuna wakati kazi haikui, inalipuka. Mnagundua kwamba mfumo wa oda wenyewe hauna dhana ya malipo yanayosubiri, na nusu ya programu inadhani oda ipo au haipo. Hapo kubaki na 5 ni mzaha. Simamisheni, itoeni tiketi kwenye sprinti, ivunjeni vipande vinavyoweza kukamilika kimoja kimoja, mkadirie kila kipande upya kabla hakijaanza. Saa zilizokwisha kutumika zibaki kwenye tiketi ya zamani.

Kitu kinachosahauliwa zaidi kuliko vyote ni majirani wa hiyo tiketi. Kwenye beklogi kuna ya malipo kwa kadi iliyopewa 5 “kama ile ya simu.” Sasa mnajua ile ya simu ilikuwa na nini ndani. Ya kadi haijaanza, haijaahidiwa, na kuibadilisha kuwa 8 hakuharibu chati yoyote. Marekebisho ya pointi mahali pake ni hapa. Timu nyingi zinahangaika na namba ya tiketi iliyokwisha kuanza na kuziacha zile ambazo bado zingeweza kuokolewa.

Kwa wanaopenda kuwahi, nina kichujio ambacho nakifungua kila asubuhi:

```
sprint in openSprints() AND statusCategory != Done AND workratio > 80
```

`workratio` ni asilimia ya muda uliotumika dhidi ya makadirio ya mwanzo. Kwa tiketi yetu ni 14 kwa 16, karibu 87, kwa hiyo inatokea. Ila haijui chochote kuhusu saa zilizobaki, na anayekadiria kwa ukarimu atapita chini yake bila kuonekana. Dalili ninayoiamini zaidi ni saa zilizobaki ambazo hazishuki kwa siku mbili wakati muda unaandikishwa, au tiketi ambayo haijaguswa kabisa na mwenyewe bado anasema kidogo.

Najua kuna timu zinazoishi kwa saa tu, hasa zinazotoza wateja wa nje kwa siku. Kwao mkataba unasema saa, na kuwaletea pointi ni kuongeza tafsiri isiyohitajika. Wabaki na saa, lakini wasiguse makadirio ya mwanzo, na nyongeza ya mteja iwe tiketi yake, kwa sababu ankara itaulizwa. Nisichokubali ni jedwali lile la “pointi 1 ni saa 4.” Mkishalibandika ukutani hamna pointi tena. Mna saa zilizozungushwa vibaya, kwa sababu hakuna anayeweza kusema saa 16 bila kwanza kuchagua kati ya 12 na 20, maana pointi huruka kutoka 3 hadi 5.

Na kama sprinti imeisha na tiketi ya malipo haijakamilika, usiigawe 3 za leo na 2 za kesho. Sprinti hii inapata sifuri kwa tiketi hiyo, ijayo inapata 5 zote. Wastani wa sprinti tatu nne utajisawazisha wenyewe, na mpaka hapo cha kumwambia mteja ni saa zilizobaki, ambazo kama dada yetu aliandika 12 badala ya kuiachia Jira itoe, tayari mnazijua.