Picha za harusi na mjane aliye edani

Hapa kwetu Tanga, hitima ikishasomwa siku ya tatu na matanga kuanuliwa, watu hurudi kwenye shughuli zao. Kidini, kuomboleza hakuzidi siku hizo tatu, isipokuwa kwa mjane, ambaye eda yake ni miezi minne na siku kumi, au hadi ajifungue akiwa mjamzito. Arobaini ni ada yetu wenyewe. Ndiyo maana ukiuliza usubiri hadi lini ndipo uposti furaha yako, jamaa watatu watakupa majibu matatu, na hakuna aliyekosea.

Mimi sianzi na siku. Naanza na nani bado yuko ndani.

Ami yetu alifariki tarehe 10 Rajabu. Ndoa ya mpwa wake ilikuwa imeshapangwa Mfunguo Mosi, na mahari yameshatolewa. Eda huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, kwa hiyo mkewe angemaliza tarehe 20 Mfunguo Pili. Arobaini ilikuwa imepita tangu Shaabani. Wazee wakaamua nikahi isiahirishwe, ila tarumbeta lisipigwe. Habari ya picha hawakuigusa.

Na mimi naona picha ndizo nzito zaidi. Tarumbeta unaweza kulipeleka mtaa mwingine. Stetasi inaingia hadi chumbani kwa mjane, ambaye hatoki ovyo, hajipambi, hajitii manukato, lakini simu anayo, na mchana kutwa ndiyo mwenziwe.

Kuna waliosema tumwondoe kwenye orodha ya watakaoiona. (Kila ukoo una mtaalamu wa mambo haya.) Haya, wewe umemficha, mpiga picha je? Na mawifi wa bibi harusi? Ataziona kwa mwingine, na hapo atajua kwamba sisi tulimficha. Hilo litamuuma kuliko picha zenyewe.

Mama wa binti akaenda kumuuliza, ana kwa ana, si kwa ujumbe. Mjane akamjibu, "Wekeni tu, wifi yangu. Ila nileteeni nizione mimi kwanza." Kesho ya nikahi, bibi harusi akaenda kwake na simu mkononi, wakazitazama pamoja. Jioni akaweka picha moja ya nikahi, na chini yake dua ya kumrehemu ami. Video ya vigelegele ikangoja eda iishe.

Angejibu "fanyeni mpendavyo" huku akitazama pembeni, ningeihesabu kuwa ni hapana, na zote zingengoja.

Kwa marehemu wa mbali, ambaye hakuacha mjane wala watoto unaokutana nao, sioni ubaya kuposti baada ya hitima. Keki ya siku ya kuzaliwa ndani ya arobaini ya mtu wa nyumbani, hapana, wala sihitaji kumuuliza mtu. Mwakani utazaliwa tena.