Ukurasa mmoja unakula shilingi ngapi: katriji ya wino, wino wa kujaza au tona?

"Habari zenu wakuu. Nina steshenari Moshi, karibu na Chuo cha Ushirika. Naprinti kama kurasa 40 nyeusi kwa siku, nachaji 200. Printa yangu ni ya wino, inatumia HP 123, na katriji nyeusi naipata kwa 45,000. Wino wa kujaza, chupa ya mililita 100 na sindano zake, ni 10,000. Fundi ananishawishi nichukue leza iliyotumika, ya katriji ya tona ya 85A, kwa 250,000. Katriji yake isiyo orijino ni 40,000, kujaza unga 15,000, na orijino wamenitajia 250,000. Rimu ni 12,500. Nafuu ya kweli iko wapi?"

Ukiendelea kununua katriji mpya kila inapoisha, unauza kwa hasara. HP 123 nyeusi ya kawaida imekadiriwa kutoa kurasa 120. Gawanya 45,000 kwa 120 upate shilingi 375, na karatasi ya shilingi 25 bado hujaiweka. Na makadirio ya namna hiyo huchukulia kwamba wino unafunika karibu asilimia 5 tu ya karatasi, yaani maandishi ya kawaida. Ripoti ya fildi yenye nembo ya chuo, majedwali yenye vichwa vilivyotiwa kivuli na picha mbili tatu inaweza kula mara mbili ya hapo au zaidi.

Kwenye wino wa kujaza, wengi hukosea hesabu kwa kuangalia bei ya chupa. Ukiweka mililita 3 kila mara, na ukitoa unaomwagika, chupa inakupa kama mijazo 25, kila mmoja shilingi 400. Mjazo mmoja ukitoa kurasa 100, wino ni shilingi 4 kwa ukurasa. Gharama iko kwenye katriji yenyewe, kwa sababu kichwa cha kuprintia kimejengwa humo humo chini yake na kina mwisho wake. Ikikubali kujazwa mara sita, umepata kurasa 720 kwa 47,400, yaani karibu shilingi 66 kila moja. Ikifa baada ya mijazo miwili, ni kurasa 320 kwa 45,800, na ukurasa umepanda hadi 143. Wino ni ule ule na bei ya chupa ni ile ile. Kwa hiyo andika kwa kalamu juu ya katriji kila unapoijaza. Hiyo idadi ndiyo inayoamua faida yako.

Kinachoua kichwa mara nyingi ni kuprinti kikiwa kikavu. Printa hizi zinarusha wino kwa kuuchemsha kwenye vitundu vidogo sana, na wino huo huo ndio unaopoza vihita vyake. Ukimalizia "kurasa mbili za mwisho" huku maandishi yanafifia, vihita vinaungua. Jaza mara tu unapoona mstari wa kwanza umefifia. Bandua lebo, ingiza sindano kwenye tundu la juu, sukuma taratibu hadi wino uanze kuchungulia tundu, kisha rudisha nyuma kidogo. Weka katriji juu ya tishu, vitundu vikiangalia chini, mpaka ikupe alama moja nyeusi iliyojaa. Baadaye ukiona mistari myeupe, iweke dakika chache juu ya tishu iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, usiguse sehemu ya shaba. Mistari ikipungua au ikihama, wino ulikuwa umekauka tu. Ikibaki pale pale hata baada ya kurudia, vitundu vimeungua na kujaza tena ni kupoteza wino.

Hesabu pia karatasi unazotupa. Kwa mfano wetu wa kurasa 720, tuseme nane katika kila mia zinaharibika. Utauza 662 tu, na ukijumlisha karatasi zote 720, kila ukurasa uliouzwa umekugharimu kama shilingi 99. Faida ipo, lakini ni ndogo kuliko chupa inavyokuahidi.

Sasa leza. Neno "leza ni nafuu" halina ukweli mpaka useme ni tona gani. 85A imekadiriwa kurasa 1,600. Ukinunua orijino kwa 250,000, ukurasa ni shilingi 156, ghali kuliko wino wa kujaza uliotunzwa vizuri. Ya 40,000 ikikupa kurasa 1,400 ni karibu shilingi 29. Ukiijaza unga mara mbili baada ya hapo, umetumia 70,000 kwa kurasa 4,200, yaani kama 17. Tenga shilingi 10 nyingine kwa kila ukurasa kwa ajili ya hita na roli za kuvutia karatasi, maana mashine iliyotumika itazidai. Unafika 27, kabla ya karatasi.

Tofauti kati ya 66 na 27 ni shilingi 39. Kwa siku 26 za kazi unaprinti kama kurasa 1,000 kwa mwezi, hivyo leza inarudisha 250,000 zake ndani ya miezi sita na nusu hivi. Mwenye kurasa 100 kwa mwezi angesubiri zaidi ya miaka mitano, na kwake tungesema abaki na wino, isipokuwa printa yake inalala wiki nzima bila kazi. Hapo wino unakauka kichwani, lakini unga haukauki.

Ushauri wa fundi wako ni mzuri, ila msimamie anapojaza. Ndani ya 85A kuna vyumba viwili: cha unga mpya na cha unga taka unaokwanguliwa kutoka kwenye dramu, ile silinda inayohamishia unga kwenye karatasi. Asiyemwaga taka anakuachia katriji itakayotoa karatasi zenye rangi ya kijivu au vumbi jeusi. Mwambie pia atumie unga wa 85A, maana usioendana na joto la hita unafutika ukiusugua kwa kidole. Doa likijirudia, chukua rula: likirudi kila milimita 75 hivi, tatizo ni dramu, na kuongeza unga hakutalitibu. Unga ukimwagika mikononi, nawa kwa maji baridi, kwani ya moto huulainisha ukashika.

Kuna upande mmoja ambao leza inashindwa kabisa. Hita yake inavuta mamia ya wati kwa mkupuo, kwa hiyo usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Umeme ukikatika mchana wakati wanafunzi wamepanga foleni na ripoti zao, printa ya wino itaendelea kwa inveta ndogo, leza itakaa kimya. Ndiyo maana tusingeuza HP yako. Iache kwa kazi za rangi na kwa siku za giza, na kila Jumamosi itoe ukurasa mmoja wenye nyeusi na rangi zote tatu ili vitundu visizibe.