Madumu Mawili na Nusu ya Maji ya Bomba

Wifi yangu alinipigia Jumamosi saa mbili asubuhi, sauti imemkauka. "Wifi, mashine imeandika IE halafu inalia tu. Nimeizima nimeiwasha mara tatu." Ndani mlikuwa na sare za watoto wanne, shuka mbili na sabuni iliyokwisha kulowa, na maji hayakufika hata nusu ya nguo. Mashine yenyewe ina wiki tatu tangu itoke dukani Kariakoo. Ni otomatiki ya kufungulia juu, na fedha zake ni za mchezo alioucheza mwaka mzima.

Nimekasirika, na sitaficha. Aliyemuuzia alimweleza programu kumi na mbili na kitufe cha kufunga watoto wasichezee, lakini hakumuuliza swali moja: maji yanafikaje kwenye mashine?

Wao wako Chanika, watu wanane. Bomba hutoka siku mbili kwa wiki, maji yanaingia kwenye tangi la lita 1,000 lililokaa juu ya kijukwaa cha matofali cha mita moja. Mdomo wa kuingizia maji wa mashine ya aina ile uko nyuma juu, nao ni kama mita moja kutoka sakafuni. Kwa hiyo tangi likiwa limejaa, maji yako juu ya ule mdomo kwa mita moja na kidogo tu, na likifika nusu, msukumo nao umebaki nusu. Vijitabu vya mashine nyingi za otomatiki huandika kiwango cha chini kama 0.05 MPa. Hiyo ni sawa na maji yaliyosimama mita tano juu ya mdomo. Zipo zinazoridhika na mita tatu. Mita moja haitoshi. Mashine husubiri dakika zake, ikiona maji hayajafika alama yake, inasimama na kuandika ile IE. Haijaharibika, imekosa maji tu.

Inawezekana kumwagia maji kwa ndoo kwa juu, na wifi alifanya hivyo. Itafua. Ikimaliza inamwaga yote, inataka mengine ya kusuuza, nawe uko pale pale na ndoo mkononi. Ikimaliza, inamwaga tena. Otomatiki ya kufungulia juu ya kilo nane au kumi hunywa lita 100 hadi 150 kwa mzunguko mmoja, na maji ya shati jeupe ambalo halikuwa hata na vumbi yanakwenda shimoni sawa na ya suruali ya fundi.

Kuna watu wakisikia hivi wanasema afadhali mkono, mkono hauli maji. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu mimi nimepima.

Kwetu Tabata tuko tisa. Tuna kisima cha jirani chenye maji ya chumvi, ambayo ni rahisi kupatikana, na tuna bomba la mgao, ambalo kila tone lina kazi yake: kupika, kunywa, kuoga watoto. Mwaka juzi kabla ya kununua mashine nilihesabu madumu. Rundo la kilo 15 za nguo kavu, kwa mikono ya watu wawili, lilikula madumu 14 ya lita 20. Lita 280. Kufua kwenyewe hakukula mengi. Yaliisha kwenye kusuuza. Beseni la kwanza linajaa povu, la pili bado linateleza, la tatu ndiyo unaanza kuona maji.

Sababu yake nilikuja kuielewa kwa taulo moja na mizani ya duka la mtaani. Taulo kavu lilikuwa gramu 500. Nikalilowesha, mimi na mwanangu mkubwa tukalishika ncha huku na huku tukalisokota kwa nguvu zetu zote: gramu 1,150. Nikalilowesha tena nikalitia kwenye tangi la kukamulia la mashine ya jirani kwa dakika nne: gramu 800. Yaani mikono miwili yenye nguvu iliacha gramu 650 za maji ndani ya taulo, na mashine iliacha 300. Kama maji hayo ni ya sabuni, basi ndiyo sabuni unayoibeba mwenyewe na kuipeleka kwenye beseni la kusuuzia. Beseni linachafuka mapema, unamwaga, unachota jingine. Anayefua kwa mkono anapoteza maji kwa sababu hawezi kukamua, si kwa sababu ni mzembe. Na viganja vya mama yangu, ambavyo leo haviwezi kufungua kifuniko cha chupa, vilisokota shuka za watoto saba kwa miaka thelathini. Asiniambie mtu kwamba mkono ni bure.

Ndiyo maana nilinunua mashine ya matangi mawili, ile ambayo wauzaji huisukuma pembeni kama ya kizamani. Tangi moja linafua, jingine linakamua, na katikati uko wewe, unayeamua maji gani yaingie, yakae kwa muda gani, na yatoke lini. Uamuzi huo ndio ninaoutaka mimi.

Kwetu inakwenda hivi. Nagawa rundo mafungu matatu ya kilo tano: nyeupe, za rangi, na nzito za kazini. Najaza tangi la kufulia lita 45 za maji ya kisima na sabuni ya unga, nusu ya ile ninayoweka kwenye beseni. Sabuni ya kipande hainisaidii hapa, maji ya chumvi yana chokaa na magnesi zinazoishika na kuiganda, yanabaki makoko meupe kwenye kola. Ya unga inavumilia zaidi. Nyeupe zinaingia kwanza. Zikimaliza nazihamishia upande wa kukamua, na maji yale yale yanapokea za rangi, kisha za kazini. Kila fungu linaondoka na maji kidogo, kwa hiyo naongeza kama lita 10 kila mara. Mpaka hapo nimetumia lita 65 kwa mafungu yote matatu.

Namwaga, najaza tena maji ya kisima, nasuuza kwa mpangilio ule ule, nyeupe mbele, na kila fungu linakamuliwa tena. Lita 65 nyingine. Nguo sasa hazina povu, ila zina chumvi. Ukizianika hivyo zitakakamaa kama karatasi ya saruji na nyeupe itakuwa na kivuli. Lakini chumvi iliyobaki ni ile ya maji machache yaliyoponyoka kukamuliwa, lita tatu hivi kwa fungu zima. Hayo yanahitaji beseni moja tu la maji ya bomba, lita 30, nikiongeza 10 kwa kila fungu linalofuata. Lita 50. Madumu mawili na nusu.

Ukijumlisha ni lita 180, badala ya 280 za mkono. Ila hesabu ninayoitetea ni ile ya lita 50. Katika yote hayo, maji ya bomba ni madumu mawili na nusu. Otomatiki haijui kwamba nyumba ina maji ya aina mbili. Nyingi zina mpira mmoja wa maji baridi, na chochote kilichomo ndani ya huo mpira ndicho kitakachofua na ndicho kitakachosuuza.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba otomatiki ya kufungulia mbele inatumia maji machache: ya kilo saba huenda na lita 50 hivi kwa mzunguko, kwa hiyo mafungu yangu matatu yangekula kama lita 150. Hapo inanishinda. Mwenye tangi juu ya mnara wa mita tano, au pampu ndogo ya kusukuma, na maji ya bomba ya kutosha kila wiki, anunue hiyo na asinisikilize. Lakini zote 150 ziwe za bomba. Ukiiunganisha na kisima, kile kichujio kidogo kwenye mdomo wa mpira kinazibwa na mchanga, na kipashio cha maji moto kinajenga ukoko.

Umeme kwa matangi mawili ni mdogo, haupashi maji moto.

Matatizo yake yapo. Huwezi kuiacha uende sokoni. Nguo mbichi unazihamisha mwenyewe, na jinzi mbili zilizolowa si mchezo. Upande wa kukamua ukipiga kelele ya kugonga, usiuzuie kwa kuukalia kama nilivyoona kwa watu. Simamisha, panga nguo upya ziwe sawa pande zote, zibane chini, rudisha kile kifuniko chembamba cha ndani juu yake. Na breki yake huchakaa. Ukifungua mfuniko, pipa linatakiwa lisimame ndani ya sekunde chache. Likiendelea kuzunguka, fundi aje siku hiyo hiyo, kwa sababu mtoto akitia mkono, nguo zitamvuta.

Jingine, inyanyue. Maji yake yanatoka kwa kushuka tu, haina pampu, kwa hiyo ikikaa sakafuni huwezi kuyakinga. Yangu iko juu ya matofali sita na ubao mpana, mpira unaingia kwenye beseni. Yale ya sabuni yanakwenda chooni na kudekia ua, na ya kusuuza mara ya mwisho nayaweka kwenye pipa, ndiyo ninayolowekea soksi za shule Jumanne.

Nimerudi kwa wifi jana. Mashine hairudishwi, duka limekataa, na kupandisha tangi mita nne kunahitaji fundi, nondo na pesa ambazo hazipo mwezi huu. Lakini mashine ile inajua kukamua, na kukamua hakuhitaji tone la maji. Tukafua kwa mabeseni. Kila baada ya beseni tukapeleka nguo kwenye mashine, tukazipanga kuzunguka pipa zote zikiwa sawa, tukachagua SPIN peke yake. Mara ya kwanza tulizirundika upande mmoja. Mashine ikajaribu kuongeza maji izisawazishe, ikakosa, ikalia ile IE tena, na nikaona wifi anataka kulia naye. Tukafungua, tukapanga upya. Ikaenda.

Madumu tisa, kwa nguo zilizokuwa zikimla kumi na tatu. Saa sita na nusu sare zote nne zilikuwa kwenye kamba, na hakuna iliyokuwa inadondosha maji.