Hasara ya masika si sababu ya kufunga

Kila masika, Aprili na Mei, hoteli kadhaa za mwambao wa Zanzibar hufunga milango na jirani zao huendelea kupokea wageni wawili watatu. Watu huwaona hawa wa pili kama wabishi wanaojilisha hasara. Mimi naona wengi wao wamepiga hesabu sawasawa.

Tuchukue mfano wa nyumba ya wageni yenye vyumba kumi. Kodi ya pango imeshalipwa ya mwaka mzima. Ukiigawa kwa miezi na kuongeza mshahara wa mlinzi aliye na mkataba, inafika shilingi 2,000,000 kwa mwezi. Fedha hizo zimekwenda, ufungue usifungue. Ukifungua, unaongeza mpishi na mhudumu wa kibarua, 700,000, na kila usiku wa chumba unakula 25,000 za kifungua kinywa, maji, umeme na kufua shuka.

Sasa ni Mei. Bei imeshuka hadi 50,000 na mwezi mzima umeuza usiku 40. Umeingiza 2,000,000. Kwa kufungua umetumia 1,700,000. Zimebaki 300,000, nazo zinapunguza ile kodi. Hasara yako ni 1,700,000. Ungefunga, ingekuwa 2,000,000 kamili.

Kosa ninalolisikia mara nyingi ni la mtu kugawa kila kitu, kodi ikiwemo, kwa usiku 40, akapata 92,500, kisha akalalamika kwamba anauza kwa 50,000 kitu kinachomgharimu karibu mara mbili. Hesabu hiyo inafaa kujua kama biashara inalipa kwa mwaka. Haifai kuamua kama utafungua kesho, kwa sababu kufunga hakurudishi kodi.

Kikomo cha kufunga kipo kwingine. Gawa 1,700,000 kwa 40, unapata 42,500, wastani wa gharama zinazotokana na kufungua. Bei ikishuka hadi 40,000, na wageni wakabaki wale wale, utaingiza 1,600,000 na kuongeza hasara ya 100,000 juu ya kodi. Hapo funga, tena bila aibu. Ndiyo maana siwalaumu waliofunga: mwenye jenereta linalonguruma usiku kucha kwa ajili ya vyumba viwili ana kikomo cha juu kuliko jirani yake.

Kinachohitaji uangalifu ni kujua kipi hasa kimefungwa na mkataba. Mpishi na mhudumu wangekuwa na mkataba wa mwaka, mishahara yao ingehamia upande wa kodi, na kikomo kingeshuka hadi 25,000. Na kodi nayo ina siku yake. Mwenye nyumba akija Desemba kutaka ya mwaka ujao, hiyo ni fedha ambayo bado iko mfukoni mwako. Siku hiyo ile 92,500 inarudi mezani, na msimu wa Julai na Agosti lazima uwe umefidia pengo la Mei, la sivyo usisaini.