Macha na chai ya kijani: kula jani zima kunakuongezea nini hasa?

"Wakubwa naomba mnisaidie, macha si unakula jani zima, sasa kafeini yake si inakuwa mara kumi ya chai ya kijani ya kuchovya? Niko Tanga, nina ujauzito wa miezi minne, niache au niendelee?"

Dadangu hongera kwanza. Kweli macha ni majani ya chai ya kijani yaliyosagwa kuwa unga, lakini mara kumi hapana. Kafeini inayeyuka kwenye maji ya moto tena haraka, kwa hiyo hata anayetupa majani keshakunywa sehemu kubwa ya kafeini iliyokuwemo. Chukua kifuko cha kuchovya chenye gramu 2 za majani, kafeini tuseme asilimia 3, maana yake ndani mna miligramu 60 hivi, ukikiacha dakika tatu kwenye maji ya moto unaondoka na kama 40. Gramu 2 za macha unazimeza zote, unapata hizo 60, pengine na zaidi kidogo kwa sababu majani ya macha ni machanga na wiki kama tatu kabla ya kuvunwa yanafunikwa yasipigwe jua, jambo linalopandisha kafeini. Ni kama mara moja na nusu. Na kwa sisi tunaobandika sufuria na tangawizi tukaacha majani yachemke mpaka jirani asikie harufu, hata hiyo tofauti karibu inakwisha, kafeini yote imeshatoka.

Kinachowaponza watu ni kijiko. Kifuko kinakuja kimepimwa, unga unapima mwenyewe. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni karibu gramu 2, chenye kilima kinafika 3 au 4, na mtu akishazoea na maziwa na sukari ule uchungu hausikii tena, anaongeza. Sasa piga hesabu ya vikombe viwili kwa siku, kila kimoja gramu 4, hiyo ni gramu 8 na kafeini miligramu 240. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inasema mjamzito asizidi 200 kwa siku, kutoka vyanzo vyote, yaani na ile chai ya rangi ya jioni na vitumbua inahesabiwa humo humo, na soda ya kola pia. Kwa mtu mzima asiye na mimba kiwango ni 400, ndo maana mumeo anakunywa hivyo hivyo na hana shida.

Wanaoitetea macha nao wana hoja. Vitu visivyotoka kwenye maji vinabaki kwenye makapi, na wewe mla jani unavipata, vitamini K, ile rangi ya kijani yenyewe, nyuzinyuzi, pamoja na katekini, zile kemikali za chai zinazosifiwa kwa afya, ambazo maji hayakuzimaliza. Ila tusidanganyane kwenye nyuzinyuzi, gramu 2 za unga hazifiki popote mbele ya kibakuli cha kisamvu. Na ile "mara 137" ya katekini inayozunguka mtandaoni ilitoka kwenye utafiti wa 2003 uliolinganisha macha na chai moja tu ya kijani, tena hafifu, watafiti hao hao walipoiweka mbele ya vipimo vya juu vya chai nyingine wakasema angalau mara tatu. Mara tatu si haba, lakini si 137 bwana.

Upande wa pili wa kula jani zima hausemwi sana. Risasi, ile metali yenye sumu, inayonyonywa na mchai kutoka ardhini au hewani haitoki kirahisi kwenye maji, nyingi inabaki kwenye jani, mnywaji wa kuchovya anaitupa na makapi yake na mnywaji wa macha anaimeza. Kwa mjamzito hili mimi nalipa uzito kuliko kafeini, kwa sababu kafeini unaweza kuipima kwa kijiko, risasi huioni, unategemea uaminifu wa muuzaji. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze kunywa macha kila siku bila kumwambia daktari wake, vitamini K inapunguza nguvu ya ile dawa.

Kwa hiyo kwa miezi hii ningekuwa wewe ningechovya. Ukiitamani sana macha, kijiko kimoja kilichosawazishwa, siku mojamoja. Ila yoyote utakayokunywa isiwe na chakula wala na vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, achia saa moja au mbili, manake chai inazuia madini ya chuma yasifyonzwe na chuma ndicho unachokihitaji sasa hivi.

Halafu geuza pakiti usome viambato. Kama sukari au unga wa maziwa ndo umetajwa mwanzo, humo macha ni ya kunusia tu na hesabu yangu yote ya hapo juu haikuhusu. Na kama unga ni wa manjano-manjano kama majani makavu badala ya kijani kinachong'aa, hiyo ni chai ya kijani ya kawaida iliyosagwa au imekaa sana, na kwa joto na unyevu wa huku pwani kopo lililoachwa wazi halichelewi kufika huko.